Kabla ya Kutundika Tivi, Gonga Ukuta Kwanza

Nitasema kitu ambacho najua wengi hamtapenda: ule mtindo wa tivi kubwa iliyoning'inia kwenye paneli ya jipsam, na taa za buluu zikiwaka nyuma yake, ni mzuri kwa video tu. Kwa nyumba za kupanga huku Nyali, mara nyingi ile paneli ni pambo. Haikujengwa kubeba mzigo. Na watu wanauliza swali la "ukutani ama stendi?" kana kwamba ni swali la urembo, wakati ukuta wako huenda ushajibu zamani.

Nawapa mfano wa kwa shangazi yangu. Watoto wake walichanga wakamnunulia tivi ya inchi 65, pamoja na breketi ya mkono, ile unaivuta mbele na kuigeuza, ili aone tamthilia zake hata akiwa jikoni. Sehemu aliyoitaka ni ukuta unaotenganisha sebule na chumba, na chini yake ndipo wajukuu wawili wa miaka mitatu hucheza mchana kutwa. Kwa hivyo hapa hatuongelei kioo kuvunjika peke yake.

Kwanza uzito. Kwenye boksi kulikuwa na namba mbili, na ile kubwa ni ya tivi pamoja na boksi na vifaa vyote. Unayoitaka ni ya tivi bila miguu. Yetu ilikuwa kilo 24. Kilo 24 si nyingi, mtungi wa maji wa lita 20 unakaribia hapo, na watu wanabeba mitungi kila siku.

Lakini hebu chukua huo mtungi uukumbatie kifuani, halafu ujaribu kuushika mikono ikiwa imenyooshwa mbele. Mtungi ni uleule, ila mgongo wako utakwambia kitu kingine. Breketi ya mkono inaufanyia ukuta hivyohivyo. Tivi ya kilo 24 ikivutwa sentimita 40 kutoka ukutani, na bamba la breketi lina urefu wa sentimita 20, zidisha 24 kwa 40, gawanya kwa 20. Skrubu za juu zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 48, bado hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe wala mtoto anayening'inia. Tivi hiyohiyo ikiwa kwenye breketi bapa, sentimita 5 tu kutoka ukutani, hesabu inashuka hadi kilo 6. Yaani tofauti ni mara nane, kwa tivi moja.

Sasa ukuta. Shangazi alikuwa ameamua. Nikamwambia, "Shangazi, hebu gonga hapa." Akagonga, ukalia kama ngoma. Nikatoa sumaku ya friji nikaipitisha polepole. Sehemu nyingi ikaanguka, kisha ikanasa kwenye mstari mmoja uliosimama wima, na mwingine kama sentimita 60 mbele. Hiyo ni jipsam juu ya fremu ya bati jembamba. Bodi yenyewe ni unene wa milimita 12 hivi, na nyuma ni hewa. Plagi ya kawaida ya plastiki haina cha kushika hapo. Ukuta kama huu unaweza kubeba tivi iwapo mjenzi aliweka mbao au plaiwudi nene nyuma kabla ya kufunga bodi. Kama hakuna anayejua kilichomo ndani, chukulia hakuna kitu.

"Basi mwanangu, hawa watoto wamenunua kitu cha kuwekwa wapi?"

Tukageukia ukuta wa upande wa pili, wa mawe. Na hapa Mombasa lazima uelewe ni mawe gani. Nyumba nyingi za pwani zimejengwa kwa mawe yaliyokatwa kwenye matumbawe ya kale, mwamba uleule wa Fort Jesus, na uleule uliochimbwa kutengeneza simenti pale Bamburi hadi yakabaki mashimo ambayo leo ni Haller Park. Jiwe hilo linabeba nyumba bila shida kwa sababu linakandamizwa kutoka juu. Kushika skrubu ni habari nyingine, maana ni laini na lina vishimo vya asili ndani.

Fundi alianza na tundu dogo la majaribio, milimita 6, mahali ambapo tivi ingelifunika. Angalia vumbi linalotoka. La kijivu na drili inahangaika, hiyo ni zege. La rangi ya maziwa na drili inaingia kwa ulaini, hilo ni tumbawe. Drili ikipenya sentimita chache halafu ikatumbukia ghafla, umegonga bloku yenye tundu ndani, au kishimo cha jiwe. Letu lilitoa vumbi la maziwa. Fundi akaingiza waya kupima, akakuta plasta pekee ni sentimita 2 na nusu.

Hapo ndipo watu huumia. Plagi zilizokuja na breketi zilikuwa za sentimita 5. Nusu nzima ingekaa ndani ya plasta, na plasta haihesabiwi. Tukanunua za sentimita 10, tukijua ukuta ni wa inchi 6, kwa hivyo hazingetokea upande wa pili. Fundi akazima ule mtikiso wa nyundo wa drili, kwa sababu kwenye tumbawe unatanua tundu na plagi inazunguka bure. Tundu moja likaangukia kwenye kishimo. Hakulazimisha wala kujaza vijiti vya kiberiti kama nilivyoona kwingine. Alisogeza sentimita 5 kando, bamba lina nafasi za kutosha.

Na ile breketi ya mkono tukairudisha dukani, tukachukua bapa. Kabla ya tivi kupanda, fundi alifunga kamba kwenye bamba akaning'iniza mitungi miwili iliyojaa, kilo 40, hadi asubuhi. Hakuna kilichosogea, hakuna ufa. Lakini elewa kwamba jaribio hilo ni halali kwa breketi bapa tu, maana mitungi inaning'inia karibu na ukuta. Halikuambii lolote kuhusu mkono uliovutwa nje.

Shangazi hakufurahi sana, nisidanganye. Sasa kutoka jikoni anasikia tu. Ila kasogeza kochi, na wajukuu hawafikii tivi.

Kama kwako ni jipsam kila upande, mimi ningechukua stendi bila kujisikia vibaya. Pima umbali wa miguu ya tivi kwanza, kwa sababu nyingi za inchi 65 zina miguu mwishoni kabisa, zaidi ya mita moja, na meza yako ya zamani haitatosha. Chagua meza pana na fupi, vitu vizito viwe chini, kisha ifunge tivi kwa mkanda kutoka kwenye matundu ya nyuma hadi kwenye meza yenyewe. Rimoti na vitu vya watoto visiwekwe juu, hivyo ndivyo vinavyowapandisha.

Na ukiwa karibu na bahari, ulizia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Baada ya miezi kadhaa chungulia nyuma ya tivi kwa tochi ya simu. Ukiona mchirizi wa kahawia chini ya skrubu, ama plasta imepasuka kuzunguka tundu, teremsha tivi siku hiyohiyo.