Barua ya mama wa duka la pembejeo, na jinsi nilivyoijibu

Wengi mmekuwa mkiniuliza mtu afanye nini mteja akimjia juu kwa sababu mbegu haikuota. Leo nitawasimulia la kwangu mwenyewe, maana safari hii aliyejiwa juu nilikuwa mimi.

Ilikuwa tarehe 26 Novemba, jioni, nimetoka shambani nina matope hadi magotini. Nikafungua simu nikakuta barua pepe kutoka kwa mama mmoja mwenye duka la pembejeo katika kijiji kimoja cha ukanda wa Heru Juu, hapa Kasulu. Ameniandikia mimi, na nakala amempelekea mkuu wangu wa kazi. Sehemu yake ilisomeka hivi: "Bwana shamba, wewe ndiye uliyesimama kwenye mkutano ukasema mbegu hii ni nzuri. Nimeuza mifuko 46. Leo watu tisa wamenijia dukani, mmoja ameniita tapeli mbele ya wateja. Mahindi yao hayakuota. Mmekula na wenye mbegu mkaniachia mimi aibu."

Neno "mmekula" lilinichoma. Sijawahi kupokea hata soda ya muuza mbegu. Nilikaa palepale nikaanza kuandika jibu, na sentensi yangu ya kwanza ilikuwa: "Kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, mwenye wajibu wa ubora wa mbegu ni..." Nikaendelea aya tatu. Kila neno lilikuwa la kweli, ila hakuna hata moja lililomhusu mama aliyeitwa tapeli dukani kwake.

Sikuituma. Miaka ya nyuma, nilipokuwa Kibondo, niliwahi kutuma barua ya namna hiyo kwa kikundi kilicholalamikia vipando vya muhogo. Mizizi ilikuwa imeoza kwa michirizi ya kahawia, na mimi nikawajibu kwa maelezo marefu kuhusu virusi na inzi weupe. Maelezo yalikuwa sahihi. Msimu mzima uliofuata hakuna mtu wa kikundi kile aliyekuja kwenye mkutano wangu. Mwenyekiti wao aliniambia baadaye, "Tulikuambia tumelala njaa, wewe ukatufundisha inzi."

Basi usiku ule nilifuta zile aya tatu nikaandika fupi:

"Mama, shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili. Umeuza mifuko 46 kwa jina lako, na leo jina hilo limetukanwa mbele ya watu unaoishi nao. Hilo ni zito, na una haki ya kunikasirikia, maana ni kweli mimi ndiye niliyesimama nikaisifia mbegu ile. Pole sana, mama. Sijajua bado kilichotokea shambani na sitaki kukisia. Keshokutwa tarehe 28 saa mbili asubuhi nitakuwa dukani kwako, tuende pamoja mashambani. Naomba uniwekee mfuko mmoja ambao haujafunguliwa, wa toleo lile lile, na uwaambie wakulima wasitupe mifuko mitupu wala mbegu zilizobaki."

Angalieni vitu viwili. Kwanza, pole yangu imetaja jambo lake lenyewe: mifuko 46, jina lake, dukani kwake. Zile pole za "usumbufu uliojitokeza" anayezisoma anajua zimeandikwa kwa kila mtu. Pili, baada ya pole hakuna "lakini". Ukisema "pole, lakini", mtu anaifuta pole yote na kusubiri ugomvi. Vilevile sikukubali kosa ambalo sijalijua. Kukubali kwamba mtu ameumia ni jambo moja, kutamka nani amesababisha ni jingine, na hilo la pili lazima lingoje ushahidi. Kuhusu "mmekula" sikujibu kitu. Lilikuwa neno la hasira, na ningelijibu lingekuwa ndiyo mada.

Tarehe 28 tulizunguka mashamba matatu. Walikuwa wamepanda kati ya tarehe 12 na 15, mvua ikanyesha kidogo kisha ikakata siku kama sita. Kila shamba tulihesabu mashimo 100 kwa kufuata mstari, bila kuchagua. Shamba la kwanza mashimo 38 hayakuwa na mche hata mmoja. La pili 57. La tatu ni la mzee ambaye hakuweka mbolea ya kupandia kwa kukosa fedha, na yeye alikuwa na mashimo matupu 6 tu. Mbegu ni ile ile, toleo lile lile.

Hapo ndipo nilipochukua jembe nikafukua mashimo matupu. Mbegu ikifa yenyewe, kwa uzee au kwa kuhifadhiwa vibaya, utaikuta imevimba ikaoza bila kutoa kitu, au imetoa kichipukizi dhaifu. Ikiliwa na panya au mchwa, utakuta ganda au shimo tupu kabisa. Sisi tulikuta kitu kingine. Mbegu zilikuwa zimechipua vizuri, ila ncha za mizizi zilikuwa za kahawia, zimekauka kama zimepitiwa na moto, na punje za DAP zimegusana nazo. Mbolea ni chumvi. Ikikaa pamoja na mbegu kwenye udongo wenye unyevu mdogo, huvuta maji kutoka kwenye mzizi mchanga badala ya kuupa, na mzizi hufa. Mvua ingeendelea kunyesha huenda ingeipunguza makali. Ilipokata, ikamalizia kazi.

Nikamuuliza mwenye shamba la pili aliwekaje mbolea. Akanijibu kama anayeimba: "Kifuniko kimoja cha soda kila shimo, kisha mbegu mbili." Wa kwanza naye akasema maneno hayo hayo. Nikayatambua. Yalikuwa maneno yangu ya mkutano wa Septemba. Kipimo ni sahihi: ukipanda kwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, kifuniko cha soda ni karibu gramu 5, na ekari inakula takriban mfuko mmoja wa kilo 50. Ila siku ile jua lilikuwa kali, watu wanataka kuondoka, na mimi nikaruka hatua ya katikati: funika mbolea kwanza kwa udongo, unene wa vidole viwili hivi, ndipo uweke mbegu, kisha ufunike tena. Wamefanya walichosikia.

Nilichukua mbegu 100 kutoka mfuko ambao haujafunguliwa nikazipanda kwenye mchanga safi uliolowanishwa, ofisini. Jibu la jaribio hilo linahitaji siku saba. Mvua haikusubirini siku saba, kwa hiyo ushauri wa shamba niliutoa pale pale siku ile, bila kujali kosa ni la nani. Lile la mashimo matupu 57 apande upya kwa mbegu ya muda mfupi, na mashimo mapya yawe pembeni, si ndani ya yale yenye mbolea. Lile la 38 asirudishie mahindi, kwa sababu miche iliyotangulia kwa wiki ingeyafunika yakabaki membamba bila kuzaa. Apande maharage kwenye mapengo. La mzee asiguse kitu.

Tarehe 5 Desemba nilihesabu. Zilikuwa zimeota mbegu 93. Nikaandika barua ya pili, na nakala nikampelekea mkuu wangu, maana malalamiko yalipita kwake:

"Mama, shikamoo. Najua wiki hii haikuwa rahisi kwako dukani. Nakuletea tulichokiona. Mbegu uliyouza ni nzima: katika 100 zimeota 93. Shamba lisilo na mbolea limeota vizuri kwa mbegu hiyo hiyo. Kilichoua miche ni DAP iliyogusana na mbegu, na jua la siku sita likaongeza. Wakulima waliweka hivyo kwa sababu mimi mkutanoni sikusema mbolea ifunikwe kwanza. Kosa hilo ni langu. Si lako, si lao.

Fedha za mifuko sina uwezo wa kurudisha, ofisi haina fungu hilo, na sitaki kukuahidi nisichoweza. Ninachoweza ni hiki. Siku ya gulio nitasimama mbele ya duka lako niwaambie watu maneno haya haya, na nitaonyesha kwa jembe na kifuniko jinsi ya kuweka mbolea. Mashamba sita yaliyobaki nitayapitia kabla ya tarehe 10, moja moja, kila mkulima ajue apande upya, aweke maharage, au aache. Mkulima wa shamba la pili nitamnunulia mimi mifuko mitatu ya kurudishia."

Kuna niliyoyaweka baada ya kufikiri sana, na kuna niliyoyaacha. Sheria niliiacha. Kama mbegu ndiyo ingekuwa mbovu, ningemwelekeza atunze lebo ya TOSCI, risiti na mbegu zilizobaki, kwa sababu bila vitu hivyo hakuna mkaguzi wa mbegu anayeweza kumsaidia. Neno "fedha sina" nililiweka wazi kwa sababu mtu aliyekasirika akiahidiwa kitu kisichokuja, hasira ya pili hailingani na ya kwanza. Na sentensi ya kosa langu niliiweka baada ya ushahidi. Ningeiweka juu kabisa ingeonekana najinyenyekeza ili yaishe. Mkuu wangu aliisoma akaniuliza kama nina uhakika nataka kuliandika hilo. Nikamwambia watu tisa wanayakumbuka maneno yangu kuliko mimi.

Mama hakujibu kwa siku mbili. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa mistari miwili: "Nimesoma. Gulio ni Jumanne. Uje mapema kabla jua halijawa kali."

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya duka na ndoo ya udongo, nikasema niliyoyaandika, nikaonyesha mara nne. Yule aliyemwita tapeli alikuwepo, amejiegemeza kwenye baiskeli. Hakuomba radhi pale mbele za watu, ila baadaye nilimwona ndani ya duka akinunua chumvi. Mkulima mmoja hadi leo anasema mbegu ilikuwa feki na bwana shamba anamfichia mtu. Shamba lake nililipitia pia, lilikuwa na mashimo matupu 44, na maharage aliyoweka kwenye mapengo yamekwisha kutoa maua.