Yaliyofutwa na Yaliyowekwa Kando

Sisi katika kamati ya msikiti, hapa Kharumwa, tulipatana na fundi bei ya mabati kwa WhatsApp, na ushahidi wetu ulikuwa humo. Mhazini, akitaka kupunguza msongamano, akabonyeza Clear chat. Jina la fundi likabaki kwenye orodha, maneno yote yakaondoka. Angalichagua Archive, mazungumzo yangalifichwa tu, na Unarchive ingaliyarudisha kamili. Delete chat huondoa maneno na jina pamoja. Hizi mbili hazina kitufe cha kutangua.

Ipo nakala ya akiba ya Google, kwa aliyeiwasha. WhatsApp huondolewa simuni, huwekwa upya kwa namba ileile, kisha hubonyezwa Restore. Lakini yaliyoingia baada ya nakala hiyo hupotea, na nakala mpya ikitengenezwa baada ya kufuta, hushika nafasi ya ile ya zamani. Yetu ilikuwa imekwisha kupitwa.

Hata hivyo, kufuta kwetu hakugusi simu ya fundi. Angeweza kututumia yote kwa Export chat, ila maandishi hayo huweza kuhaririwa. Tukaomba kuyasoma kwenye simu yake mwenyewe, naye yupo.