Mtoki wangu mbele ya darasa

Haya jamani, nimepotea wiki nzima, msinilaumu. Nilikuwa na prezentesheni. Dakika kumi, mbele ya darasa, mada: jinsi mwili unavyopigana na maambukizi. Mhadhiri alitaka skripti iliyoandikwa, na pembeni yake kumbukumbu za msemaji, yaani wapi utanyamaza, wapi utachora, wapi utauliza swali. Sisi tunaosomea ualimu tumeshazoea.

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa mbovu. Ilianza hivi: "Mwili una jeshi. Jeshi hilo lina makamanda na askari." Nikamsomea rumumeti wangu, yeye ni mtu wa Historia na Kiswahili, amelala kitandani anakula karanga. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa kama una askari wote hao, ule msumari uliokanyaga likizo, kwa nini nesi alikuchoma sindano ya pepopunda?"

Kimya. Sikuwa na jibu, na skripti yangu ilikuwa inasema mwili ukishaugua kitu mara moja hakirudi tena. Nikaichana. Nikaanza upya na msumari wenyewe. Nawawekea vipande, mabano ni kumbukumbu zangu.

"Jumamosi asubuhi nilikanyaga msumari nyuma ya banda la ng'ombe. (Inua mguu, waonyeshe kovu. Usianguke.) Tuseme bakteria 100 tu waliingia. Wakipata mahali pazuri, wengine huongezeka mara mbili kila nusu saa. Saa tano baadaye wamezaliana mara kumi. (Andika ubaoni 100, 200, 400, waache wamalizie wenyewe.) Ni zaidi ya laki moja, na mimi bado sijamaliza kufua."

Hapo darasa liliamka. Kumbe hesabu ndogo inafanya kazi kuliko jeshi.

"Kwenye nyama ya mguu kuna seli wakazi zinaitwa makrofaji, maana yake wala-wakubwa. Zinawatambua bakteria kwa vitu vya jumla, kama malighafi ya kuta zao ambayo mwili wetu hauna. Zinawameza na kumwaga kemikali. Mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvuja. Ndiyo maana mguu ulikuwa mwekundu, wa moto, umevimba, unauma. (Taja yote manne kwa vidole.) Kupitia ile mishipa inayovuja zinaingia nyutrofili, ambazo ni zaidi ya nusu ya seli nyeupe za damu ya mtu mzima. Zinafika ndani ya saa chache, zinameza, na zinakufa hapohapo. Usaha mnaoukamua ni maiti zao, pamoja na bakteria na mabaki ya nyama."

Msichana wa mbele akakunja uso. Nikafurahi.

Hapa nikachomeka hadithi ya Ilya Metchnikoff, ambaye mwaka 1882, huko Messina nchini Italia, alichoma vijiiba kwenye vibuu vya kiti cha pweza, viumbe wadogo wa baharini wanaopenyeza mwanga kama kioo. Kesho yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 akagawana Tuzo ya Nobeli na Paul Ehrlich. Mimi na msumari wangu sijapewa hata soda.

Sasa kipande nilichokipenda. Jumatatu niliamka na mtoki. Wadau mnaujua mtoki, ile nundu ya kwenye kinena, ukitembea unachechemea kama mzee. Bibi aliniangalia tu akasema, "Mjukuu wangu, una kidonda mguuni." Hakuniuliza, alijua. Kwa miaka yote hiyo nilidhani mtoki ni ugonjwa wa pili. Siyo.

"(Chora mguu, chora mstari kutoka unyayo mpaka kinena.) Jeraha linapotokea, kuna seli zinaitwa za dendriti zinazomeza vipande vya bakteria na kusafiri navyo ndani ya maji ya limfu mpaka kwenye tezi ya kinena. Zinamtafuta nani? Seli T. Kila seli T ina kipokezi cha umbo moja tu. Inayolingana na bakteria huyu inaweza kuwa moja kati ya laki moja, au hata kati ya milioni. Ungeisubiri unyayoni usingeipata. Kwa hiyo zinakutana stendi. Seli T hupita kwenye tezi, hukagua, zisipopata chake huondoka baada ya saa kadhaa na kwenda tezi nyingine. (Pumua. Hapa ndipo wanapotea.) Wakati wa maambukizi, damu nyingi zaidi inaletwa kwenye tezi na mlango wa kutokea unafungwa kwa muda. Abiria wanajaa. Halafu ile iliyolingana inaanza kugawanyika. Ikigawanyika mara tatu kwa siku, kwa siku nne, moja imekuwa zaidi ya 4,000. Seli B nazo zinaamshwa, zinatengeneza kingamwili. Tezi inavimba. Huo ndio mtoki."

Mmeona tofauti ya muda? Nyutrofili ni saa, hizi ni siku. Bila zile za kwanza kuwazuia bakteria, hizi za pili zingekuta mambo yameshaharibika.

Nikawaambia pia lini mtoki si wa kukandwa maji ya moto nyumbani. Ukiona mstari mwekundu unapanda mguuni kutoka kwenye kidonda, au homa na kutetemeka, maambukizi yanatoroka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na tezi iliyovimba wiki nyingi bila kidonda chochote, hata kama haiumi, ikaguliwe.

Basi likabaki swali la rumumeti. Nililiweka mwisho, na nilimtaja kama "mtaalamu mmoja wa Historia".

"Kwa nini sindano? Bakteria wa pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama. Kutu yenyewe haina kosa. Akiingia kwenye tundu refu lisilo na hewa hutoa sumu inayopanda kwa njia ya neva. Sumu hiyo ni kali mno, kiasi cha kumuua mtu ni kidogo kuliko kinachotosha kuiamsha kinga yake. (Rudia sentensi hii polepole.) Ndiyo maana hata aliyepona pepopunda lazima achanjwe. Chanjo ni sumu ileile iliyokwisha kuharibiwa makali, kwa hiyo unaweza kupewa ya kutosha. Mimi nilichanjwa utotoni, seli za kumbukumbu zilikuwepo. Sindano ya mkononi ikaziamsha kwenye tezi za kwapa, na kingamwili zikapanda kwa siku chache badala ya wiki."

Nilipitiliza dakika mbili, nikakatwa alama. Saba kwa kumi. Mhadhiri alisema mchoro wangu wa mguu unafanana na ramani ya Italia, sijui kama ni sifa.

Swali likatoka nyuma: mbona mafua yanarudi kila mwaka, kumbukumbu iko wapi? Nikajibu kwamba mafua ni jina moja la virusi zaidi ya mia, ukimkumbuka huyu anakuja mwingine ambaye hamjawahi kuonana. Akaridhika.

Tulipotoka, jamaa mmoja akanivuta pembeni, akainua kidevu na kunishikisha chini ya taya. "Hiki nacho ni stendi?" Nikamuuliza kama koo linamuuma. Akasema tangu jana, na jino pia.

Nikamwambia aanze na jino.