Betri Sita na Usiku wa Tatu

Wako wengi kati yenu wanaotumia kamera siku hizi, na wengine wametuuliza jinsi ya kupiga filamu mahali pasipo na umeme. Twataka kuwasimulia yaliyotupata sisi wenyewe katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, tulipokwenda kupiga filamu ya wavuvi wa sambaza.

Sambaza si samaki wa asili wa ziwa hilo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo jamaa nyingi za Kivu huishi kwa samaki hao. Wavuvi huwavua usiku kwa taa. Hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, hushusha wavu, huwasha taa juu ya maji, na samaki hufuata mwanga. Lakini mwezi ukiwa mkubwa samaki hutawanyika, kwa hiyo kazi nzuri ni ya siku za giza tu. Mwenye kuzikosa hana budi kungoja mwezi ufuatao. Sisi tulikuwa na nyusiku tano.

Kabla ya kuondoka Bukavu tulifanya hesabu, tukajisifu kwa hesabu ile. Umeme wa betri huhesabiwa kwa wati-saa: chombo kilacho wati 10 kwa muda wa saa 1 kimekula wati-saa 10. Kamera yetu pamoja na kioo chake cha kutazamia hula wati 25. Tulikusudia kuiwasha kwa saa 6 kila usiku, yaani wati-saa 150. Wengine huhesabu dakika za kupiga filamu tu, nao hukosea sana, maana kamera iliyowaka hula karibu sawasawa, ikipiga au ikingoja; na mvuvi hakuambii saa ya kuvuta wavu. Chombo cha kunasa sauti, wati 10 kwa saa 8, ni 80. Taa ndogo ya kumulika nyuso, wati 20 kwa saa 3, ni 60. Jumla 290.

Betri zetu zilikuwa sita, na kila moja imeandikwa wati-saa 98. (Twapenda kipimo hicho kwa sababu betri isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida hukubaliwa ndani ya ndege katika mzigo wa mkononi.) Lakini tuliihesabu kila moja kuwa 80 tu. Betri huzeeka, na tena karibu na mwisho nguvu yake hushuka, hata kamera ikajizima ingawa umeme haujakwisha kabisa. Basi 290 tukaigawa kwa 80: betri nne kwa usiku mmoja. Tunazo sita! Tena tulikuwa na jenereta ndogo ya wati 1000, na petroli ya kuiendesha saa 3 kila mchana. Tulidhani tumezidisha.

Usiku wa kwanza ulikwenda vema. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu ziwa lilitulia kabisa, na mzee mwenye mitumbwi alituambia kwamba wavu wa alfajiri ndio utakaojaa. Ilipofika saa 6 ya usiku, kamera ikazimika. Tukabandika betri nyingine, haina kitu. Hatukuwa na ya tatu. Mapambazuko yalitukuta tumekaa mikono mitupu, na mbele yetu wavu ukapanda mweupe kwa samaki, wanaume wakiimba, maji yakiwaka kwa mwanga wa kwanza. Hatuna hata picha moja ya asubuhi ile.

Tulipofika pwani tuliilaumu jenereta, kisha betri. Mzee yule alitusikiliza, akauliza, “Wanangu, mashine yenu hunguruma mchana saa tatu. Wakati huo betri ngapi hunywa?”

Tukajibu, “Mbili, baba. Chaja ina nafasi mbili.”

“Nazo hushiba kwa saa ngapi?”

“Saa tatu.”

“Basi mnatoa nne na kurudisha mbili. Mlitaka iwe nini?”

Ndivyo ilivyokuwa. Tulianza na betri sita zilizojaa. Usiku wa kwanza tulitumia nne, zikabaki mbili. Mchana tukajaza mbili, zikawa nne. Usiku wa pili tulitumia zote nne. Mchana tukajaza mbili, na kwa hizo mbili tukaingia usiku wa tatu. Nyusiku mbili za kwanza akiba ya Bukavu ilituficha upungufu. Jenereta haikuwa na kosa: iliweza kutoa wati 1000, lakini chaja yetu iliweza kupokea wati 100 na kidogo tu. Petroli yetu nyingi iliungua bure, kwa sababu mlango wa kupitia umeme ulikuwa mwembamba. Hesabu ya matumizi tuliifanya. Hesabu ya kujaza hatukuifanya hata kidogo.

Siku mbili zilizobaki tulinunua petroli kwa vijana wa pikipiki, kwa bei ya kisiwani, tukaendesha jenereta tangu asubuhi hadi alasiri. Picha zilipatikana. Lakini mngurumo ule uliharibu mazungumzo tuliyotaka kunasa mchana nyumbani kwa wavuvi, nao wavuvi, ambao hulala mchana, walituvumilia kwa adabu kubwa kuliko tuliyostahili.

Tulirudi katika giza la mwezi uliofuata. Safari hii tulichukua chaja tatu badala ya moja, hata betri zote sita zikaweza kunywa pamoja. Tulichukua pia kisanduku kikubwa cha akiba chenye wati-saa 1000, kilichojazwa mjini, na mabamba mawili ya jua, kila moja la wati 100. Msidanganywe na maandishi ya bamba: yale mawili hayakutupa wati 200 hata siku moja. Jua kali la adhuhuri lilitoa kama 130, na siku nzima safi ilitupa wati-saa 550 hivi. Mahitaji yetu, tukitia kompyuta ya kunakili picha (wati-saa 120, ambazo watu husahau daima) na kile kinachopotea njiani katika kujaza, yalikuwa kama 500. Kwa hiyo siku ya jua ilitosha.

Siku ya pili mvua ilinyesha, mabamba yakatoa chini ya 150. Upungufu wa 350 ulitoka katika kisanduku. Tulijua kwamba kingevumilia siku mbili za namna hiyo, si tatu. Na kama ingetokea ya tatu, jenereta ingekijaza kisanduku chenyewe, ambacho hunywa wati 300, kwa saa tatu au nne, mbali na nyumba za watu. Haikuhitajiwa.

Tena kabla ya safari ile tulizipima betri nyumbani. Tulibandika kila moja kwenye kamera, tukaiacha iwake mpaka izimike, tukaandika dakika zake juu ya utepe. Tano zilifika saa 3 na zaidi. Moja ilifika saa 1 na nusu, ingawa ilipoanza ilionyesha imejaa kama wenzake. Ile tuliiacha Bukavu, tukaazima nyingine.

Mzee alipoona utepe ule alicheka, akatuonyesha betri ya taa yake mwenyewe. Kwa msumari alikuwa amekwaruza mistari minne ubavuni: nyusiku ambazo huweza kumulika kabla ya kurudishwa kujazwa.