Sentensi kwa Picha ya Mwani

Kwa miaka mingi nimeandika masimulizi ya filamu za makala, yaani maneno anayosoma msimulizi wakati picha zinapita. Kazi huianza kwa kuitazama filamu sauti ikiwa imezimwa, nikiandika kila jambo ambalo mtazamaji ataliona mwenyewe. Yaliyomo kwenye orodha hiyo hayaingii kwenye muswada.

Nakumbuka filamu ya wakulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Rasimu niliyokabidhiwa ilianza hivi: “Mama huyu ameinama majini, anafunga mwani kwenye kamba.” Picha ilikwisha kuyasema hayo. Kisichoonekana pale ni muda, kwa kuwa shamba la mwani hushughulikiwa maji yakipwa, na siku nzuri ni za bamvua. Nikaandika: “Maji yatarudi baada ya saa chache. Kamba isiyofungwa sasa itasubiri kupwa kwa kesho.” Picha haikubadilika, ila mtazamaji sasa alijua kwa nini vidole vya yule mama vinakwenda mbio.

Shoti ilikuwa ya sekunde 12. Msimulizi asiyekimbia husoma kama maneno mawili ya Kiswahili kwa sekunde, kwa hiyo maneno yangu 13 yalichukua karibu nusu ya nafasi. Nilimwomba mhariri aache sekunde tatu za mwanzo zipite na sauti ya maji tu, jicho lione kwanza ndipo sikio lipewe kazi.

Shoti iliyofuata ilionyesha matawi ya mwani wa kotonii yaliyogeuka meupe, kisha kamba mpya za mwani wa aina nyingine, spinosamu. Rasimu ilisema mwani umeharibika na wakulima wamepanda tena. Mimi niliandika: “Kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu. Lakini maji yakipata joto, kotonii ndiyo hutangulia kufa.” Picha hizo mbili, zilizokuwa zikifuatana tu, zikawa sababu na uamuzi: mkulima anapanda cha bei ndogo kwa sababu ndicho kitakachoishi.

Hata hivyo maneno yana mpaka wake. Mama anapojitwisha gunia zito, ukimpa msimulizi habari za viwanda, jicho hulishinda sikio na habari inapotea. Habari hiyo niliihamishia kwenye picha tulivu ya mwani uliotandazwa kukauka: humo hutolewa karajini, inayoipa dawa ya meno uzito wake. Na pale mama alipokaa kimya akitazama bahari, mtayarishaji alitaka tuseme ana huzuni. Nilikataa, maana uso wake ulikuwa wazi.

Mwisho nilifunika skrini na kusikiliza. Muswada ukieleweka wote bila picha, hicho ni kipindi cha redio, nami huendelea kukata mpaka maneno yaanze kuihitaji picha.