Aya Moja kwa Miaka Tisa

Ninalo kaunta buku moja la jalada jeusi ambalo limekaa mezani kwangu Ipagala, Dodoma, tangu mwaka 2016. Ndani yake imebandikwa aya moja ya Kiingereza yenye sentensi sita, na chini yake nimeandika kila tafsiri ambayo mashine imewahi kunipa ya aya hiyo, pamoja na tarehe na dakika nilizotumia kuisahihisha. Nikilipekua leo naona jinsi kazi yangu ilivyobadilika.

Mwaka ule wa 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo. Mimi nilikuwa mfasiri wa vyeti, barua na mikataba ya kupanga nyumba. Kabla mwaka haujaisha nikaletewa mwongozo wa hifadhi ya ardhi wa kurasa 90, ukatumike vijijini huko Kondoa na Chamwino, na muda niliopewa ni wiki tatu. Kwa mkono peke yake nisingemaliza. Vyombo vya bure vilivyokijua Kiswahili nilivyovifahamu vilikuwa viwili: Google Translate, iliyokipokea mwaka 2009, na kile cha Microsoft kilichokiongeza mwaka 2015. Nilihitaji kujua kama kimojawapo kingenibebea mzigo, nami sikuwa na siku za kupoteza kwa kubahatisha.

Aya niliichagua katikati ya kitabu, siyo ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kurasa za kwanza za vitabu vya namna hii hufanana zote na mashine huziweza. Yangu ilikuwa na miiba. Ilitaja idadi ya mifugo kwa hekta kwa kutumia neno ambalo kwa Kiingereza ni hilohilo la hisa za kampuni. Ilitaja ukingo wa korongo kwa neno ambalo ni hilohilo la benki. Ilikuwa na katazo lenye sharti, kwamba majani yaliyopandwa ukingoni yasikatwe wala kulishiwa mpaka msimu wa tatu wa mvua. Na ilitaja matuta ya fanya juu, ambayo unachimba kwa kufuata kontua na kutupa udongo upande wa juu wa mlima, hata baada ya miaka shamba likawa ngazi. Jina hilo la Kiswahili lilivuma kutoka Machakos, likaingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo, na sasa lilikuwa linanirudia mimi likiwa limezungukwa na Kiingereza.

Kabla ya kufungua mtandao niliifasiri mwenyewe na kuitazama saa. Dakika 18. Hicho ndicho kipimo nilichokitumia miaka yote: chombo ambacho kusahihisha kazi yake kunakula zaidi ya dakika 18 hakinisaidii, hata kama kinaandika kwa sekunde mbili. Vyombo nimevipa herufi kwenye daftari, na hapa sitasema herufi ipi ni chombo kipi, maana kila kimoja kimebadilika mara nyingi tangu siku hizo na hukumu ya 2016 haimhusu mtu wa leo.

Cha kwanza kilinigharimu dakika 25 na cha pili 21. Vyote viwili vilisema "kiwango cha hisa kwa hekta". Kimoja kiliandika "benki ya korongo". Matuta ya fanya juu yakawa "fanya juu ya mtaro", kana kwamba mkulima anaagizwa afanye jambo fulani juu ya mtaro. Na katika chombo kimojawapo ule ukanushi ulipotea kabisa: majani yakatwe mpaka msimu wa tatu.

Hisa na benki hazikunitisha, kwa sababu yeyote angeziona. Lililonikamata ni lile la mtaro, nami kusema kweli nilikuwa karibu kuliacha. Nilimsomea aya hiyo bwana shamba mstaafu aliyefanya kazi Kondoa enzi za mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO, ulioanza mwaka 1973, na aliyekuwapo mwaka 1979 mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mtaro ni wa kupitisha maji. Tuta ni la kuyazuia. Ukimwambia mtu achimbe mtaro kwenye ule mchanga wa Kondoa, umemwambia ayakimbize maji, na mwakani hapo pana korongo." Usiku ule nilifuta mitaro yote niliyokuwa nimekwisha kuiandika katika kurasa 20. Kitabu nilikimaliza kwa mkono, kwa wiki tano.

Nilirudia jaribio mwaka 2019. Kwa wakati huo vyombo vikubwa vilikuwa vimeacha kuunganisha vipande vya maneno kwa kuhesabu vilivyowahi kukutana, vikahamia mitandao neva inayosoma sentensi nzima kwanza ndipo iandike. Google ilianza hivyo mwezi Novemba 2016 kwa lugha nane, Kiswahili hakikuwamo. Zamu yetu ilifuata baadaye. Tofauti niliiona mara moja. Ukanushi ulirudi mahali pake, hisa zikawa mifugo, na usahihishaji ukashuka hadi dakika 12. Kwa mara ya kwanza chombo kilikuwa kimenishinda kwa saa.

Lakini hapo ndipo nilipojifunza kutazama kitu kingine, nacho ni kiambishi cha ngeli mwanzoni mwa kitenzi. Katika aya yangu sentensi ya nne inataja ukingo, korongo na majani, na sentensi ya tano inaanza na kiwakilishi cha Kiingereza ambacho hutumika kwa kitu chochote. Kiswahili hakikuruhusu kukwepa namna hiyo. Ukiandika "yasikatwe" umesema majani, ukiandika "usikatwe" umesema ukingo, ukiandika "lisikatwe" umesema korongo. Chombo cha 2019 kiliandika "isikatwe". Kati ya vitu hivyo vitatu hakuna chenye ngeli hiyo. Maana yake ni kwamba mashine ilikuwa inaisoma kila sentensi peke yake, na ilipofika ya tano ilikuwa haikumbuki kilichosemwa katika ya nne, ikachukua kiambishi kinachozoeleka zaidi. Tangu siku hiyo, kabla sijasoma neno jingine lolote, ninatazama viambishi vya sentensi ya pili na zinazofuata. Vinaniambia kama chombo kinabeba aya au kinabeba sentensi mojamoja, na kwa kitabu kirefu hilo ndilo linaloamua.

Julai 2022 ikaja NLLB-200 ya Meta, yenye lugha 200, ambayo mtu anaweza kuishusha kwenye kompyuta yake na kuitumia bila mtandao. Niliichukua ile ndogo, nikaweka `eng_Latn` upande mmoja na `swh_Latn` upande wa pili, ikafanya kazi hata umeme wa jirani ulipokatika na mtandao ukaondoka nao. Kwa nyaraka za siri ambazo wateja hawataki zipite kwenye kompyuta ya mtu mwingine, hiyo ilikuwa faraja kubwa. Watengenezaji wake wenyewe walieleza kwamba imefunzwa kwa matini fupi, zisizozidi vipande 512 vya maneno, na kwamba haikukusudiwa kufasiri waraka mzima. Nami nikaiweka kwenye nafasi hiyo: msaidizi wa kurasa chache.

Kisha zikaja programu za akili unde za mazungumzo. Mwaka 2025 mwongozo uleule ulirudi kwangu, umepanuliwa, kurasa 214. Nililifungua daftari. Moja ya programu hizo iliandika "yasikatwe". Niliinuka kwenye kiti. Nikaipa orodha ya istilahi zangu pamoja na aya, na matuta yakawa matuta. Dakika tano.

Ningeishia hapo ningekosea vibaya, kwa sababu aya moja haiwezi kukuonyesha kinachotokea ukurasa wa ishirini. Kwa hiyo nilichukua sura ya kurasa 20 na kuipachika aya yangu mara tatu: mwanzoni, katikati na mwishoni. Nikaituma yote kwa mkupuo. Mwanzoni ilitoka vizuri kama ilivyotoka peke yake. Katikati istilahi yangu "makinga maji" ilikuwa imegeuka "vizuizi vya maji". Mwishoni mtaro ulikuwa umerudi, na ile sentensi ya katazo haikuwapo kabisa. Haikukosewa, ila haikuandikwa, na sentensi mbili za pembeni zilikuwa zimeshonwa vizuri kiasi kwamba asiye na Kiingereza mbele yake asingejua. Makosa ya 2016 yalipiga kelele. Haya yamevaa nguo safi, na kwangu ni ya hatari zaidi.

Utaratibu nilioufuata kwa kurasa zile 214 ulitokana na jaribio hilo. Kwanza niliandika istilahi 60 na kuzipitisha kwa watu wa shambani, siyo kwenye kamusi peke yake. Nilikikata kitabu penye vichwa vidogo, aya tatu au nne kila kipande, na kila kipande nikakitanguliza kwa aya ya mwisho ya kipande kilichopita ili mashine ijue kilichokuwa kinazungumzwa. Tafsiri ya aya hiyo ya kurudiwa niliitupa. Orodha ya istilahi niliituma upya kila mara. Nikahesabu sentensi za kila kipande, za Kiingereza na za Kiswahili. Idadi zikipishana siyo lazima pawe na kosa, kwa kuwa mashine hugawa au huunganisha sentensi, lakini hapo ndipo nilipokuwa nasimama na kusoma neno kwa neno. Chombo cha pili, cha aina tofauti, nilikitumia kama mlinzi tu: vikigombana juu ya namba au juu ya ukanushi, narudi kwenye Kiingereza.

Kila sura ilipokwisha niliyasaka yale maneno yaliyonitesa tangu mwanzo:

```
grep -n -i -E "hisa|benki|mtaro|mitaro" sura04.txt
```

Amri hiyo hutoa kila mstari wenye maneno hayo pamoja na namba ya mstari. Sura ya nne ilitoa mistari 11. Miwili ilikuwa mitaro ya kweli, ile ya kutolea maji barabarani. Katika ile tisa iliyobaki palipaswa kuwa na matuta.

Bwana shamba wangu hayupo tena. Sura zilizosahihishwa nilimsomea binti yake, ambaye analima zabibu na uwele Hombolo na hakuona Kiingereza cha kitabu kile hata siku moja. Alinisimamisha mara 14, na mara zote 14 palikuwa na kasoro ambayo mimi, mashine zote mbili na ile amri hatukuiona.

Kazi nzima ilichukua wiki saba kwa kurasa 214. Kama una kitabu kirefu mbele yako, tafuta aya yenye miiba katikati yake, uifasiri mwenyewe kwa kalamu kabla hujafungua chombo chochote, na usiache kuipachika mwishoni mwa sura ndefu.