Kumla Askari Apitaye: Haki ya Zamu Moja katika Sataranji

Sheria nyingi za sataranji mtoto huzielewa kwa kuutazama ubao tu. Akiiona ngome, anajua kwamba itakwenda wima au kulala. Akimwona farasi, anajua kwamba ataruka. Lakini ziko sheria chache ambazo ubao peke yake hauzisemi, na iliyo ngumu kuliko zote kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni ile ya kumla askari apitaye, ambayo kwa jina la Kifaransa huitwa anpasan, yaani wakati wa kupita. Sisi tunaofundisha mchezo huu baada ya saa za masomo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kwa mbao za katoni na kete za vizibo vya soda na magunzi ya mahindi, tumeona kwamba watoto huishika haraka namna ya kula huko, ila hawashiki upesi kwamba haki hiyo hufa baada ya zamu moja. Makala haya yanahusu jambo hilo la pili.

Kwanza tuieleze sheria yenyewe. Safu za ubao zinazosimama huitwa a hadi h, na mistari inayolala huhesabiwa 1 hadi 8 kuanzia upande wa mweupe. Askari husogea mbele nyumba moja, isipokuwa mara yake ya kwanza anaruhusiwa kuruka nyumba mbili. Yeye hula kwa mshazari, nyumba moja mbele, kuume au kushoto. Sasa tuseme askari mweupe amekwisha kufika e5. Mweusi anamtoa askari wake d7, anamrusha mpaka d5, naye anasimama ubavuni mwa yule mweupe. Nyumba aliyoiruka, d6, ilikuwa chini ya ulinzi wa askari wa e5. Kwa hiyo mweupe anaruhusiwa kumla kana kwamba alisimama d6: askari wa e5 anakwenda d6, na askari wa d5 anaondolewa ubaoni. Ni askari tu awezaye kula hivi, na anayeliwa ni askari tu aliyeruka nyumba mbili kwa mkupuo mmoja.

Mwalimu ataulizwa mara moja: kwa nini zamu moja tu? Jibu limo ndani ya sababu ya sheria yenyewe, na inafaa lielezwe kwa vitendo. Ruhusa ya kuruka nyumba mbili iliwekwa ili mchezo uende kasi, wala haikukusudiwa kumpa askari njia ya kumkwepa adui. Huko Italia hadi mwaka 1880 askari aliweza kupita namna hiyo bila kuliwa, lakini baadaye wakakubali sheria ya mataifa mengine. Sasa mrudishe yule askari mweusi d7, umsogeze nyumba moja moja. Anafika d6: mweupe ana zamu moja ya kumla. Asipomla, mweusi kwa zamu yake anasogea d5, naye amekwisha pona. Basi haki ya kula njiani haikupunguzwa hata kidogo. Ni zamu ile ile moja ambayo mweupe angekuwa nayo kama askari angetembea badala ya kuruka. Katika nchi yetu ya vilima, mtu apitaye mbele ya ua wako unaweza kumsimamisha kwa neno moja. Akiisha kukivuka kilima, hata ukipiga kelele hasikii.

Ugumu huonekana wazi pale watoto wanaposhindana. Katika pambano moja kati ya wanafunzi wa wilaya hizi mbili, mtoto wa Ngara, mwenye kete nyeupe, alikuwa na askari e5 na farasi e4. Mpinzani wake wa Biharamulo akamrusha askari kutoka d7 hadi d5, akimtisha farasi. Mtoto wa Ngara akamwondoa farasi wake na kumpeleka g3. Mweusi akatoa farasi wake b8 kwenda c6. Hapo ndipo mweupe akamwinua askari wa e5, akamweka d6, na kumtoa askari wa d5. Mpinzani akapinga, nasi tukaitwa.

“Mwalimu,” akasema yule wa Ngara, “mimi nilimwona tangu alipopita, ila nilitaka kwanza kumwokoa farasi wangu. Na askari mwenyewe bado yupo pale pale.”

Mtoto alikuwa anasema kweli: askari alikuwepo pale pale. Huruma ilituvuta upande wake, kwa maana hakukusudia hila, na mchezo wake ulikuwa ukitegemea tendo lile. Lakini tuliuliza swali moja tu: “Mweusi amecheza nini mara ya mwisho?” Wote wawili wakajibu, “Farasi.” Basi haki imekwisha. Askari wakarudishwa mahali pao, na kwa kuwa askari wa e5 ndiye aliyeguswa, na alikuwa na njia halali ya kwenda mbele, ilibidi huyo huyo achezwe.

Mchezo ulipokwisha tuliirudisha hali ile ubaoni, tukamwonyesha jambo ambalo lilikuwa muhimu kuliko hukumu. Nani alikuwa anamtisha farasi wa e4? Ni askari wa d5. Kama angemla njiani papo hapo, mtishaji mwenyewe angeondoka ubaoni, na farasi angebaki salama bila kusogea. Mtoto alidhani ana kazi mbili, kumwokoa farasi na kumla askari, akaziweka moja baada ya nyingine; kumbe ilikuwa kazi moja. Hii ndiyo faida kubwa ya kula njiani kama mbinu: humwondoa askari mahali ambapo hakuna kete yako inayomfikia kwa njia ya kawaida, na pamoja naye huondoa kitisho alichokuwa anakileta.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila nafasi ya kula njiani lazima itumiwe. Mchezo mmoja wa mwaka 1928, uliochezwa Melbourne, Australia, kati ya Gundersen, mwenye kete nyeupe, na Faul, unafaa sana darasani, kwa kuwa ndani yake haki hii inaachwa mara moja na kutumiwa mara moja. Panga kete nyeupe hivi: mfalme e1, malkia g4, ngome a1 na h1, askofu c1, farasi c3 na g5, askari a2, b2, e5, f2, g2 na h4. Kete nyeusi: mfalme g6, malkia d8, ngome a8 na f8, maaskofu b4 na c8, farasi d4 na e7, askari a7, b7, d5, e6, f7 na g7. Zamu ni ya mweusi.

Mweusi anamrusha askari wa f7 hadi f5, akimtisha malkia. Askari mweupe wa e5 sasa anaweza kumla njiani kwa kwenda f6. Gundersen hakufanya hivyo. Alimsogeza askari wa h4 hadi h5, akimshambulia mfalme, na mfalme akatoka g6 kwenda h6. Kwa tendo hilo moja haki ya f6 ikafa. Waulize wanafunzi: je, sasa anaweza kumla askari wa f5 njiani? Askari wawili wamesimama vile vile ubavu kwa ubavu, lakini jibu ni hapana. Gundersen alijua anachokiacha na anachokipata, maana mfalme aliyeshambuliwa hana nafasi ya kumla malkia.

Kisha farasi wa g5 anakula askari wa e6, na kwa kuondoka kwake anamfungulia askofu wa c1 njia ya mshazari hadi kwa mfalme wa h6. Mweusi anaiziba njia kwa kumrusha askari wa g7 hadi g5. Ameruka g6, nyumba inayolindwa na askari wa h5. Safari hii Gundersen hakungoja: askari wa h5 alikwenda g6, na askari wa g5 akatolewa. Tazama mambo yaliyotokea kwa tendo hilo moja. Kizuizi cha g5 kimetoweka, hivyo askofu anamshambulia mfalme. Askari wa h5 ameiacha safu yake, hivyo ngome ya h1 nayo inamshambulia. Askari aliyefika g6 analindwa na malkia, naye anaifunga h7. Farasi wa e6 anaifunga g7. Mfalme hana pa kukimbilia, na mchezo umekwisha.

Tahadhari moja inahitajika. Katika kula njiani askari wawili huondoka katika mstari mmoja kwa wakati mmoja. Iwapo mfalme wako yuko kwenye mstari huo huo upande mmoja, na ngome au malkia wa adui yuko upande wa pili, bila kete nyingine katikati ila askari hao wawili tu, basi ukila utakuwa umemfunua mfalme wako, na hilo halikubaliki. Mtoto ahakikishe mstari kabla ya kuinua mkono.

Zana tunayoitumia ni punje moja ya mahindi. Askari yeyote akiruka nyumba mbili, aliyemcheza huweka punje katika nyumba iliyorukwa. Punje hukaa zamu moja tu. Mpinzani akila njiani, askari wake husimama mahali pa punje; akicheza kitu kingine chochote, yeye mwenyewe huiondoa punje kwa mkono wake. Tendo hilo la kuiondoa ndilo linalofundisha, kwa sababu mtoto anaiona haki ikitoka ubaoni, na anajua ni yeye aliyeitoa. Baada ya majuma machache punje huachwa, na badala yake kila mmoja huandika michezo yake.

Punje husaidia pia kengele inapolia kabla mchezo haujakwisha. Kunakili mahali pa kete hakutoshi; iandikwe pia nyumba iliyorukwa, ikiwa ipo. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la kimataifa, zinafuata njia hiyo hiyo katika kuhesabu hali iliyojirudia mara tatu: hali mbili zenye kete mahali pale pale hazihesabiwi kuwa moja, endapo katika ya kwanza askari aliweza kuliwa njiani na katika ya pili hawezi tena.

Kwa kupima kama somo limeeleweka, weka askari mweupe e5 na askari mweusi d5, pamoja na wafalme wao, uliulize darasa kama mweupe anaweza kula njiani. Atakayejibu ndiyo hajaelewa, na atakayejibu hapana hajaelewa vilevile. Aliyeelewa ni yule atakayekuuliza wewe, “Mwalimu, mweusi amecheza nini mara ya mwisho?”